Kazi Imeisha, Mwambie Mkeo

Nilipoachishwa kazi Mpanda, nilikaa mjini siku tatu nikijifanya niko kazini. Siku ya nne nikapanda gari kwenda nyumbani Mwese. Baada ya Isha nikamwambia mke wangu:

“Mama Zuhura, kazi imeisha tangu Jumatatu. Akiba inatutosha miezi miwili. Naomba tupunguze matumizi, na uniombee dua. Sitaki tukope, wala kaka yako asiombwe pesa. Wazee nitawaambia mwenyewe Ijumaa.”

Akanyamaza, kisha akauliza: “Na mbolea ya mahindi?”

Nikajibu: “Nusu tunayo. Nusu nyingine bado sijui.”

Hakulia. Kilichomuuma ni zile siku tatu.

Basi ndugu yangu, sema lililotokea, kilichopo, unachotaka na usichotaka. Usichokijua, kiri hujui. Mtume wetu (s.a.w.) aliporudi kutoka Hira akitetemeka, aliomba kwanza afunikwe. Hofu ilipomtoka, akamweleza Bi Khadija yaliyomkuta. Hakumwacha akisie. Wewe unamficha mkeo kwa lipi?