Bonasi ya chai ya nyumba mbili

Mimi nilizaliwa Nyamira na nikaolewa Kirinyaga. Kwa mtu asiyejua mambo ya majani chai hilo si neno, lakini kwetu hapa Nairobi maana yake ni kwamba kila Oktoba hupokea simu mbili zisizofanana hata kidogo. Mama mkwe hupiga akicheka, akiuliza wajukuu wake wanahitaji viatu vya nambari gani. Mama yangu naye hupiga jioni, sauti iko chini, na baada ya salamu huuliza swali lile lile: "Mwanangu, hivi chai yetu ina kasoro gani? Si ni majani yale yale?"

Msomaji aliyelelewa kwa pesa za chai anajua Oktoba ni mwezi gani. Ndio mwezi wa bonasi. Mkulima mdogo anayepeleka majani kwenye kiwanda kilicho chini ya KTDA hulipwa mara mbili. Kila mwezi hupata kiasi fulani kwa kila kilo ya majani mabichi aliyoyapeleka kituoni. Kisha kiwanda hufunga hesabu ya mwaka, unaoanza Julai na kwisha Juni, na kile kilichobaki hugawiwa wakulima kwa kilo zao. Hayo malipo ya pili ndiyo watu wote huyaita bonasi, ingawa kwa kweli si zawadi ya mtu yeyote. Ni pesa zao wenyewe zilizochelewa.

Kifungua mimba wangu yuko kidato cha tatu na anajisifu kwa hisabati, kwa hiyo mwaka jana nilimketisha mezani tukamtafutia nyanya yake jibu. Tulijitungia kiwanda chetu, chenye takwimu nyepesi za kuhesabika, nami nitakupa hesabu hiyo kama tulivyoifanya.

Tuseme wakulima wote wa kiwanda hicho wamepeleka kilo 9,000,000 za majani mabichi kwa mwaka. Majani mabichi yana maji mengi, na huhitajika kilo nne na nusu hivi kupata kilo moja ya chai kavu. Kwa hiyo kiwanda kimetoa kilo 2,000,000. Chai hiyo inauzwa katika mnada wa Mombasa kwa wastani wa dola 3 kila kilo, na dola moja ni shilingi 130. Kiwanda kimepata shilingi 780,000,000. Sasa toa gharama: kuni za kukausha, umeme, mishahara, malori ya kubeba majani, ada ya usimamizi na mengineyo. Tuseme jumla ni shilingi 231,000,000. Zinabaki 549,000,000, na ukizigawanya kwa zile kilo 9,000,000 za mabichi utapata shilingi 61 kwa kilo.

Lakini mkulima amekwisha kulipwa shilingi 25 kila mwezi kwa kila kilo. Zimebaki 36. Wakurugenzi wanasema shilingi moja iwekwe akiba ya kutengeneza mitambo. Bonasi ni shilingi 35. Mwenye kilo 4,000 katika kitabu chake atapata 140,000, na zikikatwa pesa za mbolea aliyochukua kwa mkopo, tuseme 15,000, atatia mkononi 125,000.

Mpaka hapo kijana alikuwa anapiga miayo. Nikamwambia abadilishe kitu kimoja tu: chai iuzwe kwa dola 2 badala ya 3. Gharama zibaki vile vile, maana kuni hazishuki bei kwa sababu mnunuzi wa ng'ambo hakupenda chai yako. Akapiga hesabu, akairudia, akaniangalia. Bonasi ilikuwa shilingi 6.

Hapo ndipo penye siri yote. Bei ilipungua kwa thuluthi moja, lakini bonasi ilitoka 35 hadi 6, kwa kuwa bonasi ni mabaki. Gharama hula kwanza, malipo ya kila mwezi yanafuata, na kila mshtuko wa soko huishia kwenye kile kilicho mwisho wa foleni. Ndiyo sababu watu hushangaa kusikia kiwanda kimoja kimelipa bonasi mara kadhaa ya kingine, wakadhani mmoja wao ameibiwa. Huenda ameibiwa, sikatai, lakini tofauti hiyo peke yake haithibitishi wizi. Anayetaka kulinganisha haki kwa haki aache bonasi na alinganishe jumla ya mwaka: ile ya kila mwezi pamoja na ya Oktoba. Katika hesabu yetu ni shilingi 60 dhidi ya 31. Pengo ni kubwa, lakini si mara sita.

Dola nayo ina mchezo wake. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Sisi wa mjini tulishangilia kwa kuwa tulitarajia mafuta yashuke bei. Katika kiwanda chetu cha mezani, chai ile ile ya dola 3 ikiuzwa dola ikiwa 160, bonasi ingekuwa shilingi 55. Kwa hiyo mkulima anaweza kuchuma vizuri, kiwanda kikauza vizuri, na bado Oktoba ikaja na uso uliokunjamana.

Sasa, kwa nini chai za upande wa Mlima Kenya huelekea kupata bei bora mnadani kuliko za magharibi ya Bonde la Ufa? Kuna mambo ya udongo na mwinuko ambayo hakuna mama anayeweza kuyabadilisha. Lakini kuna na la uchumaji. Chai bora hutokana na majani mawili na chipukizi lake. Jani la tatu na la nne ni gumu, linaongeza uzito kwenye mizani na linashusha bei Mombasa. Na tazama jinsi mgao ulivyowekwa: ubora huingia katika chungu cha wote, ilhali mkulima hulipwa kwa uzito wake peke yake. Jirani akipitisha jani gumu, kilo zake zinaongezeka leo, na hasara ya bei inagawanywa miongoni mwa maelfu. Mama yangu, anayechagua jani kwa jani, anapata kiwango kile kile cha huyo jirani. Kinga pekee ni karani wa kituoni anayekagua majani na kuyarudisha yasiyofaa. Karani akiwa mpole, kiwanda kizima hulipia upole wake.

Upande wa kwetu kuna na jambo la pili, la wanunuzi wa kando wanaokuja na gari na kulipa taslimu. Tuseme wanatoa shilingi 30 kwa kilo. Mahali ambapo kiwanda hutoa 25 na bonasi ya 35, anayewauzia anapoteza nusu ya pesa zake. Lakini pale bonasi ilipo 6, jumla ni 31, na hiyo 31 sehemu yake lazima ingojee mpaka Oktoba. Ndugu yangu aliwauzia, na mama alipomgombeza niliona vigumu kumkubalia mama kwa moyo wote, kwa sababu karo haingojei Oktoba. Shida ni kwamba majani yakipungua, kiwanda hakipunguzi meneja wala deni la mitambo. Gharama hizo zinagawanywa kwa kilo chache zaidi, bonasi inashuka tena, na mwaka unaofuata wanunuzi wa kando wanapata wateja zaidi.

Mgao wa kiwanda ukishafika nyumbani, huanza mgao mwingine ambao hauna mkaguzi wa hesabu. Bonasi hulipwa mwenye nambari ya mkulima. Kwetu nambari ilikuwa ya baba, na miche ilichumwa na mama. Kwa miaka mingi mama alijua kilo, kwa sababu risiti za kituoni alikuwa akizitunza yeye ndani ya kopo la majani, lakini shilingi hakuzijua. Dada yangu mkubwa ndiye aliyemfundisha kujumlisha zile risiti za Julai mpaka Juni, kuzidisha kwa kiwango kilichotangazwa, na kutoa mbolea. Jioni moja alimtajia baba jumla kabla baba hajarudi kutoka benki. Sikuwepo, lakini nimesimuliwa kwamba mzee alikaa kimya muda mrefu.

Haikuisha kwa ugomvi. Baba alikubali kumkatia mama miche mia nane iliyo karibu na mto, ikafunguliwa nambari ya pili kwa jina lake. Kwa zaidi kidogo ya kilo 1,600 alizopeleka mwaka wa kwanza, bonasi ya mama haikuwa kubwa, lakini jina lilikuwa lake. Mwaka huo huo mizani yake ilianza kutofautiana na ya baba kwa namna ya ajabu: miche ya kando ya mto ilichumwa kila wiki bila kukosa, na ile ya baba ikawa inasubiri. Baba ilimbidi aajiri.

Na hapo ndipo mama mkwe wangu alipotutangulia sisi sote. Kirinyaga wachumaji wake wa kuajiriwa hulipwa kwa kilo, na hawaoni hata senti ya bonasi. Basi mtu kama huyo ana sababu gani ya kuacha jani la tatu? Mama mkwe aliamua kutenga shilingi 3 kwa kila kilo iliyochumwa na mkono wa mwajiriwa na kupita kituoni. Kikapu kilichorudishwa na karani hakiandikwi. Daftari lake nimeliona: mzee mmoja kilo 1,300, kijana wa jirani 1,000, na binti mmoja 700. Jumla kilo 3,000, chungu shilingi 9,000. Mzee apate 3,900, kijana 3,000, binti 2,100.

Shida ni kwamba binti alikuwa ameolewa Machi na kuondoka. Wale wawili walidai kwamba aliyeacha kazi amejitoa, na 2,100 zake zigawanywe kati yao. Hoja yao si ya kipuuzi. Makampuni mengi ya mjini humnyima bonasi mfanyakazi aliyeondoka kabla ya siku ya kulipa, na wafanyakazi huweka sahihi bila kusoma. Lakini mama mkwe alikuwa hajaweka sharti hilo mwanzoni, na majani ya binti yalikuwa yamekwisha kuuzwa pamoja na mengine.

"Yeye ndiye aliyeolewa," akawaambia. "Kilo zake hazikuolewa."

Akamtumia pesa zake kwa M-Pesa. Mzee alichuma wiki nzima bila kuamkua mtu. Julai iliyofuata, kabla ya kikapu cha kwanza kujaa, mama mkwe aliwaita wote jikoni, akafungua ukurasa mpya, akaandika juu yake kwamba anayeondoka hulipwa kilo zake Oktoba kama wengine, kisha akamwambia mzee asome kwa sauti.