Kadi za Mwanafunzi Wangu

Mwaka 1994 mwanafunzi wangu mmoja wa historia aliniletea tasnifu ambayo sikuweza kuipitisha. Alieleza kwamba njaa ya mwaka 1974, katika vijiji vya wilaya moja ya kati mwa Tanzania, ilitokana na ukame. Ukame ulikuwepo kweli, lakini hakuwa ameongeza neno lake. Nikamwambia aniletee maandishi ya mahojiano yake. Akaleta mfuko wa plastiki wenye kadi 31, nyingi hazina namba.

Alikuwa amezipanga kwa mada: mvua, chakula, kuhama. Kwa hiyo maneno ya mzee mmoja yalikuwa yametawanyika sehemu tatu. Usiku ule nilizimwaga mezani nikazipanga upya kwa kila mzee, nikifuata rangi ya wino na sentensi zilizokatika kadi moja zikaendelea nyingine. Kisha nikawapanga wazee kwa mwezi waliohamishwa.

Msomaji atakumbuka kuwa Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Katika wilaya ile mvua huja msimu mmoja tu. Mtama hupandwa mnamo Desemba na kuvunwa Mei au Juni. Wazee tisa walikuwa wametaja mwezi. Watano walihamishwa mtama ukiwa shambani, wakauacha kwa ndege na magugu. Wote walisimulia njaa. Wanne walihamishwa baada ya mavuno, wakiwa na magunia yao. Aliyelia njaa ni mmoja. Na mvua iliyowanyima wote ilikuwa ile ile.

Chini ya kadi moja nikaona maandishi ya penseli: "Mbona majirani walivuna?"

Asubuhi nikamwonyesha. Akaitazama kadi kwa muda.

"Nilisahau, Mwalimu," akasema. "Niliiandika wiki ya kwanza. Nilipoanza kusoma taarifa, niliona swali langu la kitoto."

Nakiri nilitamani kuiandika hoja ile mwenyewe. Lakini ilikuwa yake, tena ilikuwa bado changa. Wazee tisa si wilaya, na baada ya miaka ishirini mtu hukosea mwezi. Nikamshauri arudi, asiulize tarehe, aulize: "Siku mnahama, mtama ulikuwa umefika wapi?" Mkulima husahau kalenda, lakini hasahau kama mtama ulikuwa umechanua.

Akarudi na wazee wengine kumi na wanne. Wawili walimpinga: walihama mtama ukiwa mchanga, lakini hawakulala njaa, kwa kuwa kijiji kipya kilikuwa karibu na shamba la zamani. Akaniuliza kama awaache.

"Waandike," nikamwambia. "Hao ndio wanaokufundisha kwamba umbali nao ulihesabika."

Akawaandika, na safari hii nikaipitisha. Tangu hapo, kabla ya kusahihisha tasnifu, huomba kwanza kuona kadi.