Kemia Gani?

Ratiba yangu ya kwanza ya marudio niliichora nyuma ya kalenda ya buchari, kwa kalamu za rangi nne. Ilikuwa Agosti, nikiwa Kidato cha 4, na matokeo ya moki yalikuwa yametoka: wastani wa C, Hisabati D, Kemia D+. Mama hakusema kitu. Alikunja ile karatasi akaiweka ndani ya Biblia. Tulijua sote wawili kwamba mlango wa digrii ni C+.

Nilikuwa na masomo manane, nikayagawa sawasawa kama mkate. Kila usiku vipindi viwili, kuanzia saa moja na nusu hadi saa nne. Jumatatu Hisabati na Historia, Jumanne Kemia na Dini, na kuendelea. Baada ya wiki tatu kila kisanduku kilikuwa na tiki, lakini nilipojaribu karatasi ya zamani ya Kemia, bado nilikwama palepale.

Kakangu, ambaye ni fundi wa pikipiki, aliingia kuchukua chaja akaisoma ile kalenda.

"Jumanne umeandika Kemia. Kemia gani?"

"Si Kemia tu."

"Mtu akiniletea pikipiki aseme imeharibika, lazima nimuulize imeharibika wapi. Nikianza kufungua tu, nitafungua penye napajua."

Aki, aliniweza. Jumanne zote tatu nilikuwa nimesoma muundo wa atomu, kwa sababu ninaupenda.

Usiku huo nilitoa karatasi zangu za moki nikaandika, swali kwa swali, alama zilipopotelea. Kwenye Kemia nilidhani nina mada sita mbovu. Nyingi zilirudi kwa moja: moli. Iliniangusha kwenye nadharia, ikaniangusha tena kwenye karatasi ya 3, maana ukishamaliza taitresheni, hesabu zinazofuata ni za moli. Hiyo ndiyo niliipa nafasi kwanza.

Kisanduku cha Jumanne hakikuandikwa tena "Kemia". Kiliandikwa: "Moli, maswali 6, bila kuangalia majibu." Nilipata mawili. Nilipokagua makosa, fomula nilikuwa naijua. Nilichosahau ni kugawa kwa 1000 ujazo ukiwa kwa sentimita za ujazo. Sentimita 25 za myeyusho wa 0.1 M zina moli 25 × 0.1 ÷ 1000, yaani 0.0025. Mimi nilikuwa naandika 2.5 na kusonga mbele. Tiki ikakatazwa. Moli ikarudi Alhamisi, nikapata manne. Ikarudi Jumanne iliyofuata, nikapata yote sita, na hapo tu ndipo nikaiondoa. Mada ikishika leo inaweza kuponyoka kesho, ndiyo maana niliiacha ipite siku kadhaa kabla ya kuijaribu tena.

Hisabati ilinifundisha kuacha. Sehemu ya pili ya kila karatasi ina maswali 8, unajibu 5. Basi nilichagua kuimarisha kodi ya mapato na takwimu, ambazo nilikuwa karibu kuzishika, nikaachana na yale maswali marefu ya latitudo na longitudo. Sehemu ya kwanza haina kuchagua, kwa hivyo nilibakisha hesabu zake fupi tu.

Kosa lililobaki lilikuwa Jumapili. Kila nilichoshindwa kumaliza nilikisukuma huko, kama deni la dukani. Kufikia Septemba Jumapili ilikuwa na vipindi saba, nami nikasinzia kanisani hadi mama akanifinya. Jumatatu nilikuwa nasoma aya moja mara tatu na haiingii. Nikabadilisha: Alhamisi kipindi cha pili kikaachwa wazi, na Jumamosi asubuhi pia, kwa ajili ya viporo. Jumapili ikafungwa kabisa. Kiporo kisichotoshea Alhamisi wala Jumamosi kilimaanisha nimepanga mengi mno, na wiki iliyofuata napunguza.

Ratiba hiyo haikuwa nzuri kuangalia. Ilijaa mishale na kufutwafutwa, na Kemia na Hisabati zilikula karibu nusu ya vipindi. Historia ilipata kimoja kwa wiki, Dini kimoja kila wiki mbili.

KCSE ilipotoka nilipata C kwenye Hisabati, C+ kwenye Kemia. Historia, niliyokuwa na A- kwenye moki, ilishuka hadi B. Iliniuma, na bado huniuma nikikumbuka jinsi mwalimu wa Historia alivyonitegemea. Lakini masaa ya moli yalitoka mahali, na yalitoka kwake.

Wastani ulikuwa C+. Mama alitoa ile karatasi ya moki kwenye Biblia, akaweka hii mpya palepale. Halafu akaniuliza kama sasa anaweza kurudishiwa kalenda yake.