Mkutano wa saa mbili unaoanza saa nne: chai ya watu mia moja mjini Bunia

Bunia. Katika kartie moja pembeni ya mji, ambako familia nyingi zilizokimbia vita vya Djugu zinaishi pamoja na wenyeji waliozipokea, mikutano ni mingi. Kuna mkutano wa kugawa nafasi za watoto shuleni, wa bomba la maji, wa mashamba ya kukodi. Watu wanaalikwa saa mbili asubuhi. Shefu wa kartie anafika saa tatu na nusu, wageni saa nne. Wengine wametoka mbali kwa miguu na hawajatia kitu tumboni tangu jana jioni, na kwao kopo la chai yenye sukari ndicho chakula cha asubuhi.

Kazi ya kupika chai hiyo iko mikononi mwa mama mmoja ambaye kartie nzima inamwita Mama Chai. Naye alikimbia kutoka Djugu. Kabla yake chai ilipikwa kwa zamu, na malalamiko hayakuisha. Sufuria iliwekwa motoni alfajiri pamoja na majani, tangawizi na sukari, yote mara moja, kisha ikaachwa juu ya makala mpaka wageni waonekane. Saa nne ilikuwa nyeusi kama maji ya kuchovya ngozi, inakausha ulimi. Watu waliimwaga nyuma ya mabenchi. Waliokaa nyuma kabisa, na mara nyingi hao ndio wakimbizi, walipata masalio yenye majani, au hawakupata kitu.

Mama Chai anasema kosa halikuwa majani mabaya. Majani ya chai hutoa rangi, harufu na ladha nzuri katika dakika za kwanza, na majani madogo ya pakiti, yale yanayofanana na punje za mchanga, yanamaliza kazi yake katika dakika tano hivi. Yakibaki ndani ya maji ya moto baada ya hapo, yanaendelea kutoa uchungu tu. Na hata yakichujwa mapema, chai ikiendelea kuchemka juu ya moto inazidi kuwa nzito, harufu inaondoka na mvuke, na juu yake unatanda utando mwembamba wenye kung'aa. Ukiuona utando huo pembeni ya sufuria, jua chai imekaa motoni kupita kiasi. Kuongeza sukari hakuiponyi.

Basi yeye ameitenganisha chai katika sehemu mbili: maji ya tangawizi, ambayo yanaweza kusubiri, na majani ya chai, ambayo hayawezi.

Kwa mkutano wa watu mia moja anapanga lita 30. Kopo lao likimiminwa vizuri linachukua kama mililita 180, kwa hiyo lita 30 zinatoa makopo 160 na kidogo. Kila mtu anapata moja, na zaidi ya nusu wanaweza kuongezewa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri anaweka motoni lita 27 za maji. Maji ya kambini yenye harufu ya dawa anayaacha yachemke dakika kadhaa bila kifuniko, harufu ipungue. Anatwanga gramu 400 za tangawizi mbichi kwenye kinu, bila kuimenya, ila ameisugua vizuri udongo wote utoke. Inachemka dakika ishirini. Mwishoni anatia konzi mbili za mchaichai, ule ambao wengine huuita sitroneli, anafunika dakika kumi, kisha anachuja kwa kitambaa safi. Karafuu anaiogopa. Punje ishirini zinatosha sufuria nzima, na zikizidi, chai inakuwa na ladha ya dawa ya meno. Mvuke ukishaondoka na makapi yakishakamuliwa, zinabaki kama lita 25.

Sukari anaitia hapo hapo, kilo moja na robo, ikiyeyuka katika maji ya moto. Alijaribu zamani kuweka sukari mezani kila mtu ajipimie, na haikufika mstari wa tatu. Lakini termosi moja anaijaza kabla ya kutia sukari na kuifunga uzi mwekundu shingoni, kwa ajili ya wenye ugonjwa wa sukari. Wazee wa kartie sasa wanaulizia uzi huo wenyewe.

Maji haya ya tangawizi yanaingia kwenye termosi. Anazo sita za lita tatu, mbili zake na nne za kuazima, na anazikagua kabla hazijapikiwa kitu. Termosi ya kioo inashika joto kwa sababu kati ya kuta zake mbili za kioo hewa imetolewa. Kule chini, kwenye kitako cha kioo, kuna kincha kidogo mahali kilipozibwa. Kikivunjika, hewa inaingia, na termosi hiyo inabaki chupa ya kawaida hata kama inang'aa. Namna ya kuijua ni rahisi: ijaze maji ya moto, subiri robo saa, kisha shika ubavu wake. Ubavu ukipata joto, irudishe kwa mwenyewe na shukrani. Pia ananusa kizibo. Termosi iliyowahi kukaa na maziwa au kahawa inaficha harufu kwenye kizibo, na harufu hiyo itaingia katika chai ya watu wote.

Kabla ya kujaza, anaanza na maji ya vuguvugu kidogo, kwa sababu kioo baridi kikipigwa na maji yanayochemka kinaweza kupasuka. Kisha anatia maji ya moto kabisa, anafunga na kuacha dakika kumi. Wengi wanaruka hatua hii. Termosi baridi inaiba joto la chai katika dakika za kwanza, na hapa kwetu joto si la kuchezea: Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka karibu nyuzi 96, si 100. Tunaanza tayari na upungufu. Termosi iliyopashwa moto na kufungwa vizuri inapoteza nyuzi chache tu kwa saa, mradi isifunguliwe kila mara na mtu anayetaka kuonja.

Kila termosi inapokea lita mbili na nusu, si tatu. Nusu lita ya juu inangoja. Sita hizo zinachukua lita 15. Lita kumi zilizobaki zinakaa katika sufuria nzito yenye kifuniko, iliyofungwa blanketi na kushindiliwa ndani ya kapu lenye majani makavu ya ndizi chini na pembeni. Sufuria iliyojaa namna hiyo bado inatoa mvuke baada ya saa mbili. Kuna vijana waliompendekezea bidoni za njano, kwa kuwa zinabebeka. Alikataa. Bidoni inalegea kwa maji ya moto, na hakuna anayejua ilibeba nini kabla, mafuta ya kupikia au petroli.

Sasa ndipo zamu ya majani. Mbabula moja inabaki na makala machache chini ya sufuria ndogo yenye lita sita za maji, na pembeni kuna pakiti moja ya gramu 250. Hatii majani mpaka amwone shefu ameketi. Mtoto mmoja anatumwa kusimama mlangoni. Shefu akikaa, makala yanapepewa, maji yanachemka, majani yanaingia, sufuria inaondolewa motoni na kufunikwa. Sala ya kufungua na utambulisho wa wakubwa unachukua zaidi ya dakika tano, hilo halijawahi kumwangusha. Anachuja na kukamua. Majani yanabaki na maji mengi ndani yake, kwa hiyo katika lita sita anapata kama lita tano za chai nzito, nyekundu iliyokolea, ambayo haifai kunywewa peke yake.

Nusu lita ya chai hiyo inaingia katika kila termosi, na lita mbili katika sufuria ya kapuni. Anatikisa taratibu, basi. Chai ya lita 30 imezaliwa dakika hiyo, ina harufu ya dakika hiyo, ingawa tangawizi yake ilichemka alfajiri. Siku mkutano mmoja ulipoahirishwa saa tano bila taarifa, majani yalibaki kwenye pakiti yake, yakatumika wiki iliyofuata. Maji ya tangawizi aliyagawa kwa watoto na wajawazito waliokuwa wamengoja.

Kuhusu maziwa, ana msimamo mkali, na wengine hawaupendi. Hayaingii kwenye termosi kamwe. Chai ya maziwa ikipoa mpaka vuguvugu ni nyumba nzuri ya vijidudu, na ikikaa hivyo zaidi ya saa mbili haifai kupewa mtu, hasa mtoto. Maziwa ya unga anayakoroga pembeni na maji moto kidogo, yanaongezwa kwenye kopo la anayetaka. Na mwenye kupika chai ya maziwa nyumbani ajue hili: tangawizi mbichi inakatisha maziwa. Ichemshwe kwanza katika maji, dakika kumi na zaidi, ndipo maziwa yafuate. Wale waliotwanga tangawizi na kuitupa kwenye maziwa yenye vuguvugu wanayafahamu yale mabonge.

Anamimina kuanzia nyuma. Wakubwa wa meza ya mbele walinung'unika mara ya kwanza.

«Baba shefu, termosi yako ipo, imefungwa, haipoi», alimwambia. «Lakini wale wa nyuma wana sufuria, na sufuria haingoji.»

Hesabu hiyo ni ya kweli: kilicho katika sufuria kinapoa haraka kila kifuniko kinapoinuliwa, kwa hiyo ndicho kinachotakiwa kuisha kwanza. Makopo yako hamsini tu. Wasichana wawili wanayaosha kwa sabuni katika beseni moja, wanayasuuza katika la pili lenye maji yaliyotiwa dawa, na kuyapindua juu ya meza yakauke bila kupanguswa kwa kitambaa. Kipindupindu kimeshapita katika mkoa huu mara nyingi, na hakuna anayehitaji kuelezwa sababu.

Mkutano ukiisha, chai iliyobaki inanywewa papo hapo na waliosaidia. Haipashwi tena jioni. Termosi zinasuuzwa kwa maji moto yenye kijiko cha magadi ya soda, zinakaa robo saa ili rangi ya kahawia iachie, kisha zinarudishwa kwa wenyewe zikiwa wazi, kizibo kando, zikauke ndani.