Namba Haina Jina

Zamani, chama chetu cha msingi cha ushirika hapa Chiola kilipotafuta karani, cheti kilikuwa karatasi yenye muhuri, basi. Mwombaji alileta nakala iliyogongwa muhuri na wakili au hakimu, bodi ikaipitisha mkono kwa mkono na kuridhika. Muhuri ule ulisema tu kwamba nakala inafanana na karatasi aliyoonyeshwa wakili. Kama karatasi yenyewe ni ya kweli, hilo hakuulizwa. Mimi ni mwalimu mstaafu, naitwa kwenye usaili kwa sababu nimesahihisha mitihani mingi, na miaka hiyo sikumbuki mtu aliyeuliza zaidi.

Kisha ikaja tarehe 28 Aprili 2017. Pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na 9,932 kati yao wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Ushirika si utumishi wa umma, lakini hofu ilifika hadi huku. Msimu uliofuata bodi iliamua kwamba hakuna kumsaili mtu yeyote kabla barua ya Baraza la Mitihani, yaani Necta, haijarudi kutoka Dar es Salaam. Minada ya korosho huanza Oktoba. Oktoba ikafika, magunia yakawa mlangoni na karani hayupo. Vijana wawili wenye vyeti safi walikuwa wamekwisha kwenda kutafuta kazi Ruangwa, mmoja akiwa amenung'unika kwamba tumemfanya mwizi kabla ya kumjua.

Tulibadili mpangilio. Tangazo la kazi siku hizi linasema wazi kwamba kila atakayeitwa atahakikiwa, hata mtoto wa mwenyekiti, na linaomba namba ya mtihani. Kwa namba hiyo, mfano wa S ikifuatiwa na namba ya shule, ya mtahiniwa na mwaka, nafungua matokeo ya kidato cha nne kwenye tovuti ya Necta. Ni kazi ya dakika chache kwa kila mmoja, nayo hufanyika kabla hatujaita watu. Lakini matokeo yale hayana jina. Yanaonyesha namba, jinsia, daraja na alama za kila somo. Yanathibitisha kwamba mtu fulani alipata alama hizo; hayasemi kwamba mtu huyo ndiye aliyekaa mbele yako.

Hata hivyo husaidia. Mwaka mmoja kijana alileta cheti kilichofunikwa plastiki ngumu, huwezi hata kugusa karatasi. Alama zote zililingana na za tovuti, somo kwa somo. Kwenye safu ya jinsia palikuwa na herufi F. Katibu alimwita pembeni, akamwomba alete cheti bila plastiki pamoja na cha darasa la saba, maneno yale yale tuliyowaambia wengine. Akasema anakwenda kukichukua. Hakurudi, na hakuna aliyemtangaza kijijini.

Kinachonipa kazi zaidi ni waaminifu. Huku kusini mtoto akitoka jandoni au unyagoni aweza kurudi na jina jipya. Wengine waliofeli darasa la saba walirudia kwa jina la mwenzao aliyeacha shule, na jina hilo likawafuata hadi sekondari. Binti mmoja alikuwa na jina moja kwenye cheti cha msingi, jingine kwenye cha kidato cha nne na kitambulisho cha taifa. Mjumbe mmoja alitaka aondolewe hapo hapo. Tulimwomba hati ya kiapo, lakini kiapo ni neno lake mwenyewe, kwa hiyo nikampigia simu mwalimu mkuu wa shule yake ya msingi. Rejesta ilikuwa na jina la utotoni, na pembeni, kwa wino mwingine, jina jipya na jina la baba lile lile. Jioni hiyo jambo likaisha.

Swali langu la usaili ni moja kwa wote: nisimulie shule yako, nani alifundisha hisabati, mlikaa wapi kufanya mtihani. Aliyesoma kweli hufurahi kusimulia, wala hahisi kwamba anapelelezwa.

Barua ya Necta bado tunaiandika, ila kwa yule mmoja aliyeshinda, naye anaanza kazi kwa masharti, yakiwa yameandikwa kwenye mkataba wake wa matazamio. Anapima mzigo na kuandika kilo kwenye daftari, mtunza ghala akiwa kando yake. Muhuri wa chama na karatasi za malipo ya wakulima hazigusi mpaka jibu lifike. Binti wa majina mawili alianza hivyo, wiki moja kabla ya mnada wa kwanza, na barua yake ilikuja wakati nusu ya korosho imekwisha kusafirishwa.