Kuku wangu niliwataja kwenye usaili

Mwaka jana niliomba kazi ya msimamizi wa stoo katika hoteli moja hapa Morogoro. Wakati huo nilikuwa karani wa stoo shuleni, na nyumbani nafuga kuku 200 wa mayai. Mama mkubwa alinionya: "Mwanangu, kuku usiwataje. Watasema akili yako iko bandani."

Hofu yake ilikuwa na msingi. Mwajiri akisikia una biashara, hujiuliza utapata wapi muda, kama utachanganya mali yake na yako, na kama utaacha kazi biashara ikichanganya. Lakini ukificha, jirani mmoja tu anatosha kukuumbua. Niliamua kuwataja, ila mahali pao.

Kwenye wasifu nilitanguliza kazi ya shule. Kuku waliwekwa chini, mistari miwili, wala sikujiita mkurugenzi: "Ufugaji wa kuku 200 wa mayai, nje ya saa za kazi. Natunza daftari la chakula na mayai, na kuagiza chakula kabla akiba haijaisha."

Kwenye usaili waliniuliza kuku wanahusiana nini na stoo. Nikaeleza kwamba kuku mmoja wa mayai hula kama gramu 120 kwa siku, hivyo 200 hula kilo 24. Mifuko mitatu ya kilo 50 inapaswa kufika siku ya sita. Ikiisha siku ya tano, kilo 30 hazijulikani zilipo: ama kuku wanamwaga chakula, ama panya, ama mtu. Bila daftari nisingejua. Faida sikuitaja kabisa, maana ukiisifia sana wataanza kuhesabu siku ya wewe kuondoka.

Mama mmoja wa jopo akauliza, "Kuku wakiugua siku ya kuhesabu mali?" Nilimjibu kwamba kuna kijana anayelala hapo nyumbani, na ana namba ya daktari wa mifugo, mimi huingia bandani alfajiri na jioni. Kisha nikasema kabla sijaulizwa: hoteli inanunua mayai, nami sitaiuzia hata treyi moja, wala kupitia ndugu. Niliomba hilo liandikwe.

Kazi nilipata, na sharti la mayai limo kwenye barua yangu.

Mzazi mwenzangu, kabla ya kuomba kazi soma mkataba ulio nao. Mikataba mingi hutaka ruhusa ya maandishi kwa shughuli ya nje. Ukiwa nayo, nenda nayo kwenye usaili. Na kama kituo kipya kiko mbali, taja nani atabaki na mradi. Ukikosa jibu la hilo, jopo litakujibia lenyewe.