Nadharia mbili, dakika arobaini na tano

Mara ya kwanza nilipojibu swali la kulinganisha nadharia nilijaza kurasa tano, nikapata alama 8 kati ya 25. Pembeni mwalimu aliandika kwa kalamu nyekundu: "Maelezo mawili mazuri. Ulinganisho uko wapi?" Nilikasirika kweli. Kila kitu nilichoandika kilikuwa sahihi! Lakini sapu ni sapu, na kwa matokeo yangu ya mwaka ule, kufeli tena kungekuwa kudisko.

Nikaichukua karatasi ile nikaisoma kama ya mtu mwingine. Kurasa mbili na nusu za kwanza zilikuwa za uwekaji ajenda, zilizobaki za matumizi na uridhikaji. Ungechukua mkasi ukaikata katikati, ungepata insha mbili zisizojuana. "Kwa upande mwingine" ilitokea mara moja tu, pale pa kukata.

Basi nikaanza upya na swali lilelile: linganisha nadharia hizo mbili katika kueleza uhusiano wa vyombo vya habari na hadhira. Mtihani wetu ulikuwa wa masaa matatu, maswali manne, yaani dakika 45 kwa kila moja. Nikajigawia 6 za mpango, 34 za kuandika na 5 za kusoma tena. Dakika sita zinaonekana nyingi wakati jirani yako ameshaanza kuchapa kalamu, lakini ndizo zilizoniokoa.

Kwenye mpango sikuandika majina ya nadharia kwanza. Niliandika maswali matatu ambayo zote mbili zinalazimika kuyajibu: mchakato unaanzia wapi? Msikilizaji ni mtu wa namna gani? Ushahidi umepatikanaje? Kila swali likawa aya, na kila aya ikabeba nadharia zote mbili.

La kwanza ni jepesi. McCombs na Shaw wanaanzia kwenye chombo: habari inayopewa nafasi kubwa ndiyo watu wanayoiona kuwa kubwa. Katz, Blumler na Gurevitch wanaanzia kwa mtu: ana mahitaji yake, na anachagua chombo cha kuyatimiza. Hapo nikaweka mfano mmoja wa kuzihudumia zote, maana mifano miwili inakula muda na inarudisha ule mkasi. Bibi anafungua redio kwa ajili ya matangazo ya vifo. Hilo ni hitaji lake. Lakini kabla ya matangazo kuna taarifa ya habari, na wiki nzima inazungumzia bei ya sukari. Jioni, akiulizwa tatizo la nchi ni nini, anasema sukari.

Aya ya pili niliipa chakula kingi kuliko zote, na niliiweka katikati makusudi. Wengi huficha hoja yao bora mwishoni, kisha saa inaila. Hoja yenyewe ni hii: nadharia hizi si maadui. Katika utafiti wa Chapel Hill wa mwaka 1968, uliochapishwa 1972, McCombs na Shaw waliwahoji wapiga kura 100 ambao walikuwa bado hawajaamua. Kwa nini hao? Kwa sababu ndio waliotarajiwa kuwa wepesi kuathiriwa na habari za kampeni. Baadaye Weaver akalipa jambo hilo sura ya nadharia: mtu anayeona suala linamhusu, na bado hana uhakika nalo, ana hitaji kubwa la mwelekeo, na huyo ndiye ajenda inayemshika zaidi. Sasa angalia, hitaji ni neno la nani? La upande wa pili! Mtafutaji wa Katz ndiye anayemfungulia mlango McCombs.

Ya tatu niliipitisha haraka. Uwekaji ajenda ulilinganisha orodha ya habari na orodha ya watu, na zikifanana bado hujajua nani alimfuata nani. Matumizi na uridhikaji hutegemea sana watu wajieleze wenyewe, na Bibi hatakuambia kwamba anasikiliza kwa sababu nyumba ni kimya mno.

Utangulizi nilipangia dakika 4, kila aya 9, hitimisho 3. Faida ya mpangio huu niliiona siku yenyewe, maana nilichelewa. Msimamizi alipotangaza muda, aya ya tatu ilikuwa na sentensi mbili tu. Kwa mpango wa zamani ningekuwa na nadharia moja na nusu. Sasa nilikuwa na ulinganisho kamili mara mbili, na wa tatu umechungulia.

Zile dakika 5 za mwisho hazikuwepo tena, ila nilipata sekunde za kupiga mstari chini ya majina ya nadharia. Aya yenye jina moja tu ni muhtasari, hata kama inapendeza. Nilikuta moja, utangulizi. Nikabana jina la pili juu ya mstari, kwa herufi ndogo sana, msimamizi akiwa ameshanyoosha mkono.

Nilipata 17.